Wimbo Usioibwa: Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Shule Yetu

Wanafunzi wapenzi wa Kiswahili, barua ifuatayo niliiandikia uongozi wa shule ninayofundisha. Naiweka mbele yenu kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni mwanafunzi aliyeuliza swali lililoizaa. Ya pili, nataka mwone jinsi raia anavyoweza kudai jambo kwa maandishi bila kutukana wala kupiga magoti. Isomeni polepole, kisha mnijibu mwishoni.

Bwera, Wilaya ya Kasese

Kwa Mwalimu Mkuu,
Nakala kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule.

YAH: OMBI LA KUTUMIA MUZIKI WA MTANDAONI KATIKA VIPINDI VYA KISWAHILI, NA MASWALI KUHUSU MASHARTI YA LESENI

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Naanza kwa kukiri kosa langu, ili nisionekane ninanyoosha kidole huku vidole vitatu vikinielekea. Muhula uliopita nilicheza nyimbo darasani kwa spika ndogo niliyoinunua kwa fedha zangu. Nyimbo zilikuwa kwenye memori kadi niliyojaziwa kibandani, karibu na soko la mpakani Mpondwe. Nilimlipa kijana wa kibanda. Watunzi na waimbaji sikuwalipa kitu, na kijana yule hakuwa na mkataba nao wowote. Siku moja msichana wa Kidato cha Pili alinyoosha mkono akaniuliza: “Mwalimu, wimbo huu tumeununua?” Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemnyang'anya mwanafunzi karatasi ya mtihani kwa sababu alinakili kazi ya mwenzake.

Tangu siku hiyo spika imekaa kabatini. Sitaki ikae humo milele, wala sitaki itoke kwa mlango ule ule wa nyuma. Kwa hiyo naomba mambo mawili: ruhusa ya kutumia muziki kama zana ya kufundishia, na msaada wa uongozi katika kuuliza, kwa maandishi na kwa jina la shule, ni kwa masharti gani tunaweza kuutumia.

Kwanza nieleze kwa nini muziki, maana najua wapo wanaosema kwamba nyimbo ni za harusi na vilabu, na kwamba darasani zinapoteza muda.

Wanafunzi wetu hawaji darasani wakiwa hawajui Kiswahili kabisa. Nyumbani wanazungumza Lukonzo, lakini sokoni, kwenye vituo vya bodaboda, na kwa ndugu zao walio ng'ambo ya mto Lhubiriha, wanasikia Kiswahili kila siku. Ni Kiswahili cha upande wa Kongo, ambamo mtu husema “batoto” pale vitabu vyetu vinaposema “watoto”, na “kitabu yangu” pale vitabu vinaposema “kitabu changu”. Sikidharau Kiswahili hicho. Kimevusha mizigo na kuoza mabinti kabla mimi sijazaliwa. Lakini mtihani hauulizi Kiswahili hicho. Mwanafunzi anayesikia “kitabu yangu” mara mia kwa wiki, na kusikia “kitabu changu” kutoka kwa mwalimu mmoja katika vipindi vichache tu, ataandika lile alilolisikia mara mia. Kanuni ya ngeli anaijua. Sikio lake ndilo linalomshinda.

Hapo ndipo wimbo unapofanya kazi ambayo mimi siwezi kuifanya. Kiitikio hurudiwa mara tano au sita ndani ya dakika nne, na mwanafunzi anakwenda nacho bwenini bila kuambiwa. Kiitikio kikiwa na upatanisho wa ngeli ulio sahihi, umbo sahihi hurudiwa mamia ya mara bila ya chaki. Muziki una mipaka yake pia, nami sitaificha. Wimbo huvuta silabi ili zifuate mdundo, na mara nyingi mkazo wa neno huhama kutoka silabi ya pili toka mwisho, mahali pake pa kawaida. Mwanafunzi akijifunza matamshi kwa nyimbo peke yake, atasoma taarifa ya habari kana kwamba anaimba. Kwa sababu hiyo naomba wimbo mmoja kwa wiki, wa kufundisha upatanisho na msamiati. Kusoma kwa sauti kutabaki palepale.

Sasa nije kwenye kiini cha barua hii, yaani leseni. Katika chumba cha walimu nimesikia kauli mbili zinazopingana, na zote mbili nazipinga.

Kauli ya kwanza inasema: “Cheza tu. Nani atajua? Bwera iko mbali na Kampala.” Kauli ya pili inasema: “Sheria imekataza. Acha kabisa, usituletee kesi.” Ya kwanza inamfundisha mtoto kwamba haki ya mtu hupungua kadiri mtu huyo anavyoishi mbali. Ya pili inamfundisha kwamba sheria ni giza ambalo mtu mwenye akili halisogelei. Wenye kauli hizi mbili wanafanana kwa jambo moja: hakuna kati yao aliyeisoma sheria yenyewe.

Mimi si wakili, lakini nimeisoma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtunzi umiliki wa kazi yake, na inampa mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi haki zao pia. Ndiyo maana wimbo mmoja unaweza kuwa na wenyewe watatu au zaidi: aliyeutunga, aliyeuimba, na aliyegharamia kurekodiwa kwake. Lakini kifungu cha 15 cha Sheria hiyo, kama kilivyotungwa mwaka 2006, kinaorodhesha matumizi ya haki ambayo hayahesabiwi kuwa uvunjaji. Miongoni mwake ni kuiwasilisha kazi kwa ajili ya kufundisha katika shule na vyuo, mradi matumizi yaende na desturi ya haki, na mradi kazi yenyewe na mtunzi wake vitajwe. Kifungu hicho kinataka pia yapimwe mambo kadhaa: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichotumika kikilinganishwa na kazi nzima, na athari ya matumizi hayo katika soko la kazi hiyo.

Kwa hiyo wanaosema sheria imekataza wamekosea. Sheria imemfungulia mwalimu mlango, ila umewekewa kizingiti. Kipindi cha Kiswahili kiko ndani ya kizingiti hicho. Dansi ya Jumamosi usiku, siku ya wazazi yenye spika kubwa uwanjani, na redio ya kantini haviko ndani. Huko hakuna anayefundishwa kitu. Huko muziki unaburudisha, na burudani ya hadhara ni jambo la leseni ya Chama cha Haki za Utumbuizaji cha Uganda, kijulikanacho kama UPRS, kinachokusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi. Shule isijifiche nyuma ya mwalimu wa Kiswahili ili icheze muziki wa dansi bure.

Hata hivyo, wanaosema “cheza tu” wasishangilie mapema, kwa sababu mlango una kufuli la pili, na hilo ndilo linalosahauliwa na karibu kila mtu.

Kufuli la kwanza ni sheria, ambayo ni jambo kati yetu na mwenye wimbo. La pili ni mkataba, nao ni kati yetu na kampuni inayotuletea wimbo kwa njia ya mtandao. Mtu anapofungua akaunti na kubonyeza kitufe cha kukubali masharti, ametia sahihi, hata kama hakusoma mstari mmoja. Mkataba unaweza kumnyima ruhusa ambayo sheria haikumnyima.

Tuchukue huduma mbili zinazojulikana sana kwetu. Spotify, iliyofika Uganda mwaka 2021, inatoa muziki wake kwa matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara, na katika maelezo yake kwa wateja inazitaja shule pamoja na baa, mikahawa na maduka kuwa mahali ambapo huduma hiyo haitakiwi kuchezwa hadharani. Haijali kama mteja amelipia. Mteja wa kulipa ameondolewa matangazo na amepewa uwezo wa kupakua. Hakuuziwa haki ya kuwachezea wanafunzi sitini. YouTube nayo, katika masharti yake, inaruhusu kutazama na kusikiliza kwa matumizi binafsi, na inatoa mfano wa yasiyoruhusiwa: kuonyesha video hadharani au kutiririsha muziki kwa hadhira. Tena hairuhusu kupakua kwa njia ambazo yenyewe haijazitoa.

Tuko basi katika hali ya ajabu. Nikicheza wimbo darasani kutoka katika akaunti yangu, huenda mtunzi hana la kunidai, kwa kuwa sheria imenilinda. Lakini kampuni inaweza kunifungia akaunti, kwa kuwa nimevunja ahadi niliyoitoa kwake. Mwanafunzi akiniuliza tena, “Mwalimu, tunaruhusiwa?” jibu la kweli litakuwa: na mtunzi ndiyo, na kampuni hapana. Mwalimu wa uraia hapaswi kusimama juu ya nusu ya ruhusa.

Ili uongozi uone jambo lenyewe lilivyo, nichukue wimbo mmoja na kipindi kimoja. Wimbo ni “Malaika”. Fadhili William wa Kenya aliurekodi katika miaka ya 1960, Miriam Makeba akausambaza duniani, na Boney M nao wakaurekodi. Kipindi ni cha dakika 40, Kidato cha Pili, wanafunzi sitini.

Jambo la kwanza ninalodaiwa na sheria ni kumtaja mtunzi. Hapo hapo nakutana na mtihani, kwa maana utunzi wa wimbo huu umebishaniwa kwa miaka mingi. Wapo wanaomtaja Fadhili William mwenyewe; wapo wanaomtaja Adam Salim; na wengine pia wamedai. Sitajifanya hakimu. Ubaoni nitaandika: umeimbwa na fulani, katika rekodi ya fulani, utunzi wake unabishaniwa, na wanaotajwa ni hawa. Dakika tatu hizo si za kupoteza. Mtoto anajifunza kwamba wimbo uliovuma duniani kote unaweza kumwacha aliyeutunga akigombania jina lake, kwa sababu hakuna aliyeandika mapema ni nani aliyetunga nini.

Jambo la pili ni kiasi. Sihitaji wimbo mzima mara sita. Nitaucheza mara moja wote, kisha nitacheza sehemu ya takriban dakika moja mara mbili, wanafunzi wakiandika maneno wanayoyasikia.

Jambo la tatu ni karatasi. Desturi yetu ni kuchapa maneno yote ya wimbo na kuyatoa nakala sitini. Hapo tunaingia katika haki nyingine kabisa, maana kunakili maneno ni tofauti na kuyasikiliza. Nakala sitini za shairi zima haziwezi kuitwa kiasi kinachohitajika kwa mfano. Katika mpango wangu hakuna karatasi ya maneno yote. Mwanafunzi anasikia, anaandika kwa mkono wake, anasahihisha. Zoezi hilo hata kwa ualimu ni bora, kwa sababu mtu akipewa maneno tayari hufunga masikio na kufungua macho.

Jambo la nne ni chanzo. YouTube imejaa nyimbo zilizopandishwa na watu wasio na haki nazo. Mwalimu anaweza kuvitambua vyanzo kwa ishara chache. Rekodi iliyoletwa na msambazaji wake kwa kawaida huwa na maelezo yanayoanza kwa maneno `Provided to YouTube by`, yakifuatwa na jina la msambazaji, na chini yake alama ya ℗ pamoja na mwaka na jina la mwenye rekodi. Video yenye picha ya maua, jina la mwimbaji lililokosewa herufi, na maelezo matupu, ni sawa na ile memori kadi yangu ya kibandani. Tofauti ni kwamba kibanda hiki kipo hewani.

Jambo la tano ni gharama, nalo ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa ubora wa kawaida wa Spotify, wimbo husafiri kwa kilobiti 96 kwa sekunde. Wimbo wa dakika nne una sekunde 240. Ukizidisha kisha ukagawa kwa nane, unapata karibu megabaiti 2.9. Madarasa manne, kila moja likisikia wimbo mmoja kwa wiki mara mbili, kwa wiki kumi na mbili za muhula, hayafikishi megabaiti 300. Kikwazo cha kweli ni mtandao wenyewe unaokatika mvua inapotoka milimani Rwenzori, na umeme unaokatika bila mvua. Ndiyo maana wengi hupenda kupakua kabla. Hapo pia mkataba una la kusema: nyimbo zilizopakuliwa hubaki ndani ya programu, na programu hutaka kuingia mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo hazichezi. Akaunti ya mtu mmoja hucheza kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Walimu wawili wakiishiriki, mmoja atamkatia mwenzake katikati ya kiitikio. Akaunti ya familia nayo si dawa, kwa sababu ni ya watu wanaoishi anwani moja, na walimu si familia hata wakila ugali pamoja kila mchana.

Kutokana na hayo, Mwalimu Mkuu, nauomba uongozi upeleke maswali yafuatayo kwa barua yenye muhuri wa shule, kwa sababu mwalimu mmoja mwenye simu hajibiwi kama inavyojibiwa taasisi.

Kwa kampuni za huduma za muziki:

1. Je, mnayo leseni inayoruhusu shule kucheza muziki darasani kwa kufundishia tu? Kama mnayo, inapatikana Uganda?
2. Kama hamna, je, mnaweza kutoa ruhusa ya maandishi kwa matumizi yenye mipaka: wimbo mmoja kwa wiki, darasa moja kwa wakati, bila kurekodi wala kunakili?
3. Mkataba utasainiwa na nani, mwalimu au shule? Mwalimu akihamishwa, akaunti inabaki kwa nani?
4. Matangazo yataondolewaje? Sitaki kipindi cha ngeli kikatishwe na tangazo la kamari.

Kwa UPRS:

5. Je, mnakubali kwamba kucheza wimbo ndani ya kipindi kunaangukia kifungu cha kufundishia, na hakuhitaji leseni yenu? Tunaomba jibu la maandishi.
6. Kwa siku ya wazazi, michezo na dansi, ada ni kiasi gani, na inahesabiwa kwa tukio au kwa mwaka?
7. Je, leseni yenu inawahusu pia watunzi wa Kenya, Tanzania na Kongo, ambao nyimbo zao ndizo tunazozihitaji zaidi?

Najua kuna atakayesema kwamba maswali haya yatatuamshia simba aliyelala. Namjibu kwamba simba huyo hajalala. Ni sisi tuliofumba macho. Shule inayoogopa kuuliza bei ya kitu inachokitumia imekwisha kujihukumu yenyewe.

Majibu yanaweza kuchelewa, au yanaweza kuwa “hapana”. Sitaki vipindi vingoje. Kwa hiyo napendekeza njia tatu za kutumia kuanzia muhula huu, na hakuna hata moja kati yake inayohitaji mtandao wakati wa kipindi.

Njia ya kwanza ni kununua rekodi halali, kwa mfano santuri za CD pale zinapopatikana, na kuzicheza darasani chini ya kifungu cha 15. Hapa hakuna kufuli la pili, kwa kuwa hatukubonyeza mkataba wowote wa huduma. Iliyobaki ni sheria, na sheria imeturuhusu. Huo ndio usomaji wangu, nami naomba Bodi, ambayo haikosi mtu wa kumuuliza wakili, iuthibitishe.

Njia ya pili ni nyimbo ambazo muda wa ulinzi wake umekwisha. Sheria yetu humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na rekodi huilinda kwa miaka 50. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi Bombay mwaka 1928, akafariki mwaka 1950. Kwa hesabu hiyo rekodi zake zimekwisha kutoka katika ulinzi wetu, ingawa pale ambapo maneno ni ya mshairi mwingine, hesabu ya mshairi huyo inaanza na kifo chake yeye. Lakini niseme ukweli: sauti za rekodi hizo zina mikwaruzo, na Kiswahili chake ni kigumu kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza. Zitawafaa wakubwa, tena kwa vipande vifupi.

Njia ya tatu ndiyo niipendayo zaidi: kumwomba mwenye wimbo mwenyewe. Kasese ina wanamuziki, na Beni na Butembo ziko ng'ambo tu ya mpaka. Barua ya kuomba ruhusa haizidi ukurasa mmoja. Inataja wimbo na toleo lake, inasema utachezwa darasa gani, kwa wanafunzi wangapi, kwa muda gani, kwamba hautanakiliwa, na kama kuna malipo, ni kiasi gani. Mwishoni inauliza swali ambalo watu husahau: “Je, ni wewe peke yako mwenye haki, au kuna mtayarishaji ambaye naye tumwombe?” Mwanamuziki akisema ndiyo huku rekodi ni ya studio, ndiyo yake ni nusu ya ndiyo. Barua hizo wataziandika wanafunzi wenyewe, kwa Kiswahili, kama zoezi la uandishi wa barua rasmi. Kila mwaka tunawafundisha kuandika barua za kuomba kazi ambazo haipo anwani ya kuzipeleka. Waandike basi barua moja inayokwenda kwa mtu wa kweli.

Lipo jambo la mwisho, nalo linapita uwezo wa shule yetu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lugha haifundishwi kwa kitabu kitupu. Kama taifa linataka mtoto wa Bwera asikie Kiswahili sanifu, taifa ndilo linalopaswa kukaa na wenye muziki na kupata leseni moja kwa shule zote, badala ya kumwachia kila mwalimu achague kati ya ukimya na wizi. Naomba Bodi yetu ilifikishe ombi hilo kwa Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala. Shule moja ikiuliza, ni malalamiko. Shule hamsini zikiuliza, ni sera.

Naomba jibu kabla ya wiki ya nne ya muhula. Spika iko tayari. Ninachongojea ni kuweza kumtazama yule msichana usoni na kumwambia: “Ndiyo, mwanangu, huu tumeuombea ruhusa, na ruhusa yenyewe hii hapa.”

Wako katika utumishi,
Mwalimu wa Kiswahili

Maswali ya kujibu, wanafunzi wangu. Moja: eleza kwa maneno yako tofauti kati ya ruhusa ya sheria na ruhusa ya mkataba, kama barua ilivyozitenganisha. Mbili: mwalimu amedai kwamba nakala sitini za maneno ya wimbo ni jambo tofauti na kuusikiliza, je, unakubali? Tatu: andika barua ya ukurasa mmoja kwa mwanamuziki wa kwenu, ukimwomba ruhusa, na usisahau lile swali la mwisho.